Klipu ya haragwe linavyoota, darasa la tano: nisimamishe wapi?

Chaki Nyeupe (Kasulu)
Wakuu, habari za jioni. Nina klipu ya haragwe linavyoota, dakika 2 na sekunde 50, haina maneno, ni muziki tu. Mbegu imebanwa kwenye kioo, kwa hiyo unaona chini ya udongo na juu yake kwa pamoja. Pembeni kuna namba ya siku, kuanzia ya 1 hadi ya 14. Darasa lina watoto 62, kipindi dakika 40, na projekta ni ya kuazima, naipata Alhamisi tu.

Shida ni kwamba wanaiangalia kama sinema. Wanashangilia, wanacheka, na mwisho ukiuliza "mmeona nini?" jibu ni moja, kwa sauti ya pamoja: "Mbegu imeotaaa!" Nimeandaa maswali 8 ya kuuliza baada ya klipu. Nahisi pia nisimamishe katikati, ila sijui wapi, na nikishasimamisha nifanye nini. Naomba mpangilio wa kipindi kizima.

Mkulima Kwanza
Mkuu, haragwe lisipoota angalia mambo mawili. La kwanza, mbegu imebunguliwa: itupie kwenye maji, inayoelea achana nayo. La pili, maji yamezidi. Mbegu inapumua, ukiizamisha siku tatu inaoza, utaijua kwa harufu. Hata mbolea haihitaji, chakula chake imekuja nacho.

Chaki Nyeupe (Kasulu)
Asante mkuu, ila langu limo ndani ya video, linaota kila nikibonyeza 😄

Bibi wa Gungu
Usimcheke Mkulima, utamhitaji kwenye kazi ya mwisho.

Kwanza hayo maswali 8. Swali linalokuja baada ya picha kupita linapima kumbukumbu, na mtoto ambaye hakujua atazame nini hana cha kukumbuka. Yapunguze yawe 3, na yaulize kabla hujawasha chochote. Kila swali liwe la kubahatisha sasa na kuhakikisha kwa macho baadaye. "Mbegu inahitaji nini ili iote?" ni swali zuri la sayansi lakini halifai hapa, maana klipu yako haionyeshi jibu. Inaonyesha mbegu moja iliyokwisha kupewa kila kitu. Hata ukiitazama mara kumi hutajua kama ilihitaji mwanga au haikuhitaji.

Kabla sijaendelea, kaa na klipu uniandikie sekunde tatu: ganda linapasuka lini, shina linagusa uso wa udongo lini, majani halisi ya kwanza yanafunguka lini.

Mzee wa Ratiba
Mnamchosha bure. Muache awaonyeshe yote kwanza, bila swali wala kusimama. Mtoto akishaona mwanzo na mwisho ndipo anaelewa vipande. Ukikatakata picha unaua mtiririko. Mara ya pili ndiyo usimamishe, kila baada ya sekunde 20, ili wasisinzie.

Chaki Nyeupe (Kasulu)
Bibi, nimepima: ganda linapasuka 0:31, shina linafika usoni 1:14, majani yanafunguka 2:05.

Bibi wa Gungu
Vizuri. Mzee wa Ratiba nitakurudia.

Angalia kitu kimoja hapo. Siku 14 ni saa 336, na klipu ina sekunde 170, kwa hiyo sekunde moja ya klipu ni kama saa mbili za kweli. Siku nzima inapita kwa sekunde 12. Watoto wa darasa la tano hawalijui hilo wakiangalia tu. Wanaona mmea unajinyonganyonga kama nyoka na wengine wanatoka wakiamini haragwe huota kwa dakika tatu. Namba ya siku ni ndogo na iko pembeni, na hakuna anayeitazama usipomtuma.

Kwa hiyo kabla ya klipu, dakika 7, madaftari wazi:

Swali la kwanza: kitu gani kitatoka kwanza kwenye haragwe, na kitatokea upande gani wa mbegu? Wasiandike, wachore. Mpe kila mtoto haragwe moja mkononi, alichore jinsi lilivyo pamoja na kile kialama kidogo cheupe kwenye mbonyeo, halafu aongeze kile anachodhani kitatoka. Dakika mbili. Wengi watachora majani kwanza, yakitokea juu.

Swali la pili: ukilimenya haragwe lililolowekwa linagawanyika nusu mbili. Siku ya 14 nusu hizo zitakuwa wapi, chini ya udongo au juu? Hapa wanyooshe mikono na uandike hesabu ubaoni, mfano 40 chini, 22 juu. Usifute hesabu hiyo mpaka kipindi kiishe, maana ndiyo itakayowaweka macho kwenye ukuta.

Swali la tatu wape watoto wa dawati moja moja: nyie kazi yenu ni namba ya siku. Ganda likipasuka muandike siku, shina likitoka muandike siku.

Sasa kusimamisha. Sehemu ya kusimama ni kabla ya tukio. Ukisimama baada ya tukio unauliza kitu ambacho jibu lake limebandikwa ukutani. Wewe simama sehemu tatu tu.

0:28, sekunde tatu kabla ganda halijapasuka. Mbegu imevimba na ganda limekaza. Uliza: "Utabadilisha mchoro wako au unauacha?" Dakika moja. Endelea hadi mzizi utoke kama sentimita moja. Wataona umetokea jirani na kile kialama cheupe, na umekunja kuelekea chini hata kama mbegu imelala upande.

1:11, shina liko chini kidogo ya uso wa udongo. Hapa ndipo penye utamu wa klipu nzima, pape dakika nne. Shina limepinda kama mpini wa mwamvuli. Uliza: "Kitakachotangulia kutoboa udongo ni ncha yenye majani au ni mgongo wa shina?" Waambie waandike neno moja kwanza, ncha au mgongo, ndipo wabishane wawili wawili. Wakiruka kuandika, mjanja mmoja atasema na 61 watamfuata. Ukiwasha, mgongo unatoka, kisha shina linajinyoosha na kuzivuta zile nusu mbili kutoka udongoni. Hapo swali la kwa nini litaulizwa na watoto wenyewe. Ncha ni laini, ikisukumwa kwenye mchanga ingechubuka, kwa hiyo inaburutwa nyuma ya mgongo. Ikipata mwanga ndipo kona inafunguka.

2:40, karibu na mwisho. Hapa unavunja kanuni yangu ya kusimama kabla, kwa sababu kazi ni kulinganisha. Waangalie zile nusu mbili, kisha urudi 1:30, kisha 2:40 tena. Zilikuwa nene na zimejaa, sasa zimesinyaa. "Kilichokuwemo kimeenda wapi?" Dakika tatu.

Baada ya hapo ionyeshe yote bila kusimama na bila kusema neno. Hapo Mzee wa Ratiba anapata mtiririko wake.

Mzee wa Ratiba
Kwa hiyo umekubali waione yote, ila mwisho.

Bibi wa Gungu
Nimekubali nusu. Kama klipu ni ya hatua ambazo hazina cha kubahatisha, tuseme jinsi ya kukausha dagaa, tanguliza yote, maana mtoto anahitaji kujua safari inaishia wapi. Klipu hii thamani yake ni kubahatisha. Ukishawaonyesha siku ya 14, swali la nusu mbili limekufa. Na kila sekunde 20 kwa klipu hii ni vituo 8, vingine vinaangukia mahali ambapo hakuna kinachotokea zaidi ya udongo kulowa.

Mzee wa Ratiba
Mtoto mzito ukimkatizia kabla hajaona kitu chote anababaika, na kubahatisha bila msingi ni kamari. Mimi nabaki pale pale.

Ng'ambo_Tabora
Naomba kuingilia na langu. Klipu niliyonayo mimi pia imeandikwa "bean", lakini nusu mbili hazitoki udongoni kabisa! Linatoka shina lenye majani tu. Watoto wakipanda maharage ya sokoni nusu zinatoka juu. Sasa nani mwongo?

Bibi wa Gungu
Hakuna mwongo, ni mimea miwili tofauti. Neno hilo la Kiingereza linabeba jamaa wengi. Haragwe letu la kawaida, kunde na choroko huinua nusu zake juu ya udongo. Njegere, mbaazi na baadhi ya maharage ya nchi za baridi huziacha chini. Klipu nyingi zimepigwa huko, na mpigaji alichukua mbegu kubwa iliyokuwa karibu naye.

Ndiyo maana klipu itazamwe hadi sekunde ya mwisho kabla ya kuingia nayo darasani, na namna ya kuikagua ni rahisi: nenda pale shina linapotoka, utazame kama limebeba nusu mbili nene au limetoka jembamba na majani tu. Likitoka jembamba, usiitumie kwa swali la pili, au itumie makusudi pamoja na mbaazi kwenye chupa. Ukiichanganya na maharage bila kujua, watoto wataamini ukuta na kuyatilia shaka maharage yao wenyewe.

Ng'ambo_Tabora
Mbaazi zipo tele huku. Basi sitafuti klipu nyingine, natafuta chupa.

Fundi Waya
Nizungumzie vyombo kidogo, maana plani ya Bibi inataka kusimama 1:11 na si 1:15. Sekunde nne za klipu hii ni saa nane, mgongo umeshatoka.

Usitumie kipanya. Ukikigusa, VLC inaleta upau wa vitufe chini ya picha, na chini ndiko kwenye mizizi. Tumia kibodi: `Space` kusimamisha, `Ctrl+T` kuandika muda unaoutaka, `E` kusogea picha moja moja, `M` kuzima muziki. Muziki uzime tangu mwanzo, ndio unaowafanya washangilie. Projekta ikionyesha bluu tupu bonyeza `Windows+P` uchague Duplicate.

Kama mkono wako mzito, kata klipu kabla, kila kipande kiishie mwenyewe unapotaka:

```
ffmpeg -ss 00:00:00 -to 00:00:28 -i haragwe.mp4 -an kipande1.mp4
ffmpeg -ss 00:00:28 -to 00:01:11 -i haragwe.mp4 -an kipande2.mp4
```

Vilivyobaki fuata mtindo huo huo. `-an` inaondoa sauti. Watu hupenda kuongeza `-c copy` ili ikate haraka. Hapa usiiweke, kwa sababu inakata pale tu video inaporuhusu, na kipande kinaweza kuanza au kuishia sekunde kadhaa nje ya ulipotaka. Jibu linavuja.

Ukuta uchague ule ambao dirisha haliko mbele yake. Mizizi ni myeupe, na mwanga wa jua ukipiga ukutani kitu cha kwanza kupotea ni hiyo mizizi.

Bibi wa Gungu
Vipande ni wazo zuri, ila ile klipu nzima ibaki kwenye mashine. Kituo cha 2:40 kinataka kurudi 1:30, na mwisho unaionyesha yote.

Chaki Nyeupe (Kasulu)
Nimepata mwanga. Umeme ukikatika je? Na kazi ya baada ya klipu, nilifikiria wachore hatua za uotaji na kuweka majina.

Fundi Waya
Laptopu ina betri, projekta haina. Umeme ukikatika, washa kwenye laptopu na ulete watoto kwa makundi ya 15 kwa kipande kimoja kimoja. Kwa kituo cha 1:11 tu inatosha. Projekta ya taa isizimwe na kuwashwa papo hapo umeme ukirudi, iache ipoe kwanza.

Bibi wa Gungu
Mchoro wenye majina watanakili kutoka kitabuni, hauhitaji klipu. Kazi ya kufuatia iwe ile ambayo mtoto asiyeitazama klipu hawezi kuifanya. Mimi ningeweka chupa.

Chupa za maji za nusu lita zilizokatwa shingo, 8. Watoto 62 unapata makundi sita ya wanane na mawili ya saba. Ndani ya chupa zungusha karatasi laini ya chooni, iliyokunjwa mara kadhaa, ishike ukuta, na katikati ujaze karatasi nyingine isianguke. Kati ya plastiki na karatasi ingiza maharage 3 na mahindi 3, katikati ya kimo cha chupa, yaonekane kutoka nje. Maji chini yasizidi kimo cha kucha ya dole gumba, na yasiguse mbegu. Karatasi itayapandisha yenyewe. Alichosema Mkulima Kwanza kuhusu kuzamisha ndicho kinachoharibu kazi hii mara nyingi.

Kabla hawajaondoka kila kundi linaandika ubashiri kutokana na klipu: mzizi wa haragwe utaonekana siku ya ngapi, na punje ya hindi itafanya kama haragwe au la? Klipu ilionyesha siku ya 3. Hindi klipu haikuonyesha, hapo ndipo wanapoitumia kwa kitu kipya. Punje haitapanda popote, itabaki pale pale na kutoa kama sindano kwenda juu.

Kisha jedwali la safu tatu: tarehe, urefu wa mzizi kwa milimita, nusu mbili ziko wapi. Kupima ni kwa kuweka rula nje ya chupa, wasitoe mbegu. Mzizi mchanga ukiguswa unakatika.

Mkulima Kwanza
Mkiziloweka usiku mmoja kabla, mzizi utawahi kuliko video. Unaweza kuonekana siku ya 2. Kwenye baridi utachelewa.

Bibi wa Gungu
Hilo ndilo nalitaka. Chupa ikisema siku ya 2 na klipu siku ya 3, wataanza kuuliza, je, ya kwenye klipu ililowekwa? Kulikuwa na joto kiasi gani? Klipu inageuka kuwa kipimo kimoja kati ya vingi, haiwi tena neno la mwisho.

Angalizo la Alhamisi: siku ya 3 na ya 4 zinaangukia Jumamosi na Jumapili. Funika chupa kwa nailoni iliyotobolewa ili karatasi isikauke, na upate watoto wawili wanaokaa karibu na shule waje kutazama na kuandika Jumamosi. La sivyo Jumatatu utakuta tukio la kwanza limepita bila shahidi.

Mzee wa Ratiba
Swali la mwisho. Kama chupa inaonyesha mizizi na nusu mbili, projekta ya kuazima ni ya nini? Haragwe liko sokoni, kioo ni chupa.

Bibi wa Gungu
Chupa haina udongo, kwa hiyo ule mgongo hauna cha kutoboa, utaona kona tu bila kazi yake. Na chupani hakuna atakayekesha kuona shina linajinyoosha. Klipu nimeitaka kwa kituo cha 1:11. Mengine yote, kweli, chupa ingeweza.

Mzee wa Ratiba
Basi onyesha sekunde 40 hizo peke yake na muda uliobaki upande.

Bibi wa Gungu
Sina cha kukupinga hapo, isipokuwa nusu mbili kusinyaa, ambako chupani kunachukua wiki mbili na karatasi huwa imeshaota ukungu. Chaki Nyeupe achague. Akikosa umeme, plani yako ndiyo itakayomwokoa.

Chaki Nyeupe (Kasulu)
Naenda na vituo vitatu, vipande vya Fundi, na chupa 8. Muda nimepanga hivi: 7 maswali, 15 klipu na vituo, 3 kuitazama yote, 12 chupa, 3 za dharura. Maharage nichukue ya dukani yale ya mbegu, yaliyopakwa rangi?

Mkulima Kwanza
Hapana! Hiyo rangi ya waridi au kijani ni alama ya dawa ya kuzuia fangasi na wadudu, watoto wasizishike, sembuse kuchezea kwenye daftari. Chukua ya kula, ya msimu huu, yasiyo na matobo. Loweka Jumatano saa mbili usiku, uyachuje asubuhi.

Ng'ambo_Tabora
Na mbaazi nazo usiku mmoja?

Mkulima Kwanza
Nazo. Zile ngumu ambazo asubuhi hazijavimba zitoe, hizo zinaweza kukaa wiki bila kuota na kundi lake litalia.